Waifai ya 5 GHz inakimbia sebuleni, inakufa chumbani: dalili, sababu na namna ya kurekebisha

Malalamiko haya huja kwa maneno yaleyale karibu kila mara. Mtu amefungiwa intaneti ya faiba. Akikaa kwenye kochi mbele ya ruta, kipimo cha kasi kinampa megabiti zote alizolipia. Akiingia chumbani na kufunga mlango, video inaanza kuzunguka. Anapiga simu kwa kampuni, anaambiwa laini yake haina tatizo. Mara nyingi ni kweli haina. Kilicho kati yake na ruta ni ukuta wa zege au tofali za saruji, na bendi ya 5 GHz na zege havipatani.

Ruta nyingi za sasa zinarusha bendi mbili, 2.4 GHz na 5 GHz. Ile ya pili mara nyingi huandikwa jina lenye "5G" mwishoni, na hapo ndipo wengine hudhani ni 5G ya simu. Havihusiani. Hiyo 5G ya ruta ni masafa ya mawimbi tu, na ndiyo tunayoishughulikia hapa.

Kabla ya kugusa chochote, pima

Ile michoro ya mistari ya waifai juu ya skrini haina kipimo maalumu. Kila mtengenezaji wa simu huichora anavyoona yeye. Unahitaji kujua vitu viwili: umeshika bendi gani, na mawimbi yanakufikia kwa nguvu kiasi gani. Nguvu hiyo huandikwa kwa dBm na namba yake huwa hasi. Kadiri inavyokaribia sifuri, ndivyo mawimbi yalivyo na nguvu. Kwa -50 uko vizuri sana. Kwa -65 simu ya video inakwenda bila kukwama. Kwa -75 unabahatisha, na kwa -85 ni kama hakuna kitu.

Kwenye simu ya Android pakua programu yoyote ya kuchambua waifai, itakuonyesha dBm ya kila jina linaloonekana. Kwenye iPhone tumia AirPort Utility, ukiwa umewasha Wi-Fi Scanner kwenye mipangilio ya programu hiyo. Kwenye kompyuta ya Windows fungua dirisha la amri uandike:

```
netsh wlan show interfaces
```

Tazama mstari wa Channel. Namba kuanzia 1 hadi 13 ni 2.4 GHz, namba 36 na kuendelea kwa kawaida ni 5 GHz. Mstari wa Signal huja kwa asilimia: 100% ni -50 au zaidi ya hapo, 70% ni -65, na 50% ni -75.

Sasa pima sehemu tatu: mita mbili kutoka kwenye ruta, mlangoni mwa chumba mlango ukiwa wazi, na pale pale unapokaa ukihangaika, mlango ukiwa umefungwa. Kila sehemu tulia kidogo na ujigeuze, kwa sababu mwili wako mwenyewe unazuia mawimbi, na mtu aliyeipa ruta mgongo hupata namba mbaya kuliko hali halisi. Andika namba za bendi zote mbili. Kama ruta yako inatumia jina moja kwa bendi zote, ingia kwenye mipangilio yake, zima kile kinachoitwa Smart Connect au Band Steering, na uzipe majina mawili tofauti hadi umalize uchunguzi.

Ukiona 5 GHz ni dhaifu hata mita mbili kutoka kwenye ruta, acha mambo ya kuta. Ruta ina hitilafu, antena zake zimelegea, au imefungiwa ndani ya kabati la chuma. Makala hii haitakusaidia mpaka hilo limalizwe.

Dalili ya kwanza: kasi kubwa karibu na ruta, chumbani karibu hakuna kitu

Sababu inayoongoza kwa mbali ni idadi ya kuta, na inafaa tuitazame kwa hesabu, kwa sababu ikieleweka maamuzi mengine yote yanakuwa mepesi.

Nguvu ya mawimbi hupimwa kwa desibeli. Ukipoteza desibeli 3 umebaki na nusu. Ukipoteza 10 umebaki na sehemu moja ya kumi, na ukipoteza 20 umebaki na sehemu moja ya mia. Bendi ya 5 GHz inapoteza kwa njia mbili. Kwanza, hata hewani tu pasipo ukuta wowote, mpokeaji anapata takriban desibeli 7 pungufu ya zile za 2.4 GHz kwa umbali uleule. Hewa haiyamezi mawimbi hayo zaidi. Ni kwamba wimbi la 5 GHz lina urefu wa sentimita tano na nusu hivi, antena yake ni ndogo, na antena ndogo hukusanya kidogo. Pili, ndani ya zege wimbi fupi linapotea haraka zaidi. Kwa kanuni ya ITU, shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano, iliyo kwenye pendekezo lake namba P.2040, ukuta wa zege wa sentimita 15 unameza kama desibeli 10 za 2.4 GHz, lakini unameza kama 19 za 5 GHz.

Chukua fleti ya kawaida. Ruta iko kwenye kona ya sebule nyuma ya televisheni, chumba cha kulala kiko mita 9 kutoka hapo, na katikati kuna kuta mbili za zege za sentimita 15. Tuseme bendi zote mbili zinarushwa kwa nguvu sawa, 20 dBm, na tusihesabu samani. Pasipo kuta, chumbani zingefika zikiwa -39 kwa 2.4 GHz na -46 kwa 5 GHz. Zote ni nzuri mno, na hakuna ambaye angelalamika. Weka ukuta wa kwanza: -49 na -65. Ya 5 GHz bado inafanya kazi. Weka ukuta wa pili: -59 na -84. Bendi ya 2.4 GHz ingali inapeleka video bila wasiwasi, na ile ya 5 GHz imekufa.

Ndiyo maana ugonjwa huu hauji polepole. Chumba cha kwanza kizuri, chumba cha pili hakuna kitu, na mwenye nyumba anaapa kwamba ruta ni mbovu. Ukweli ni kwamba 5 GHz inavumilia ukuta mmoja wa zege na inashindwa na wa pili.

Na kwa nini pale sebuleni inaishinda 2.4 GHz kwa mbali? Kwa sababu inapewa njia pana. Bendi ya 2.4 GHz ina nafasi ya chaneli tatu tu zisizoingiliana, yaani 1, 6 na 11, na katika jengo la fleti unagawana hizo na majirani wote, pamoja na maikrowevu ya jikoni inayopiga kelele humohumo. Kwa hiyo kwa kawaida hutumia upana wa 20 MHz. Kwenye 5 GHz ruta huchukua 80 MHz bila taabu. Simu ya Wi-Fi 5 yenye antena mbili itakuonyesha kasi ya muunganisho ya megabiti 866 kwenye 5 GHz, na 144 kwenye 2.4 GHz ya kawaida. Kasi unayoiona kwenye kipimo huwa karibu nusu ya hizo.

Sasa, kuta za kwetu hazifanani. Hesabu ile ni ya zege lililomwagwa: ukuta wa lifti, nguzo, slabu. Tofali la saruji na mchanga la inchi 5 au 6 lililosimamishwa huwa na nafuu kidogo, na ukuta wa tofali za kulaza wa inchi 9 ni mgumu kuliko huo. Jiwe la kuchonga la Nairobi lina unene wake. Nyumba za kale za Mji Mkongwe Zanzibar, Lamu na Mombasa ya zamani ni habari nyingine kabisa: ukuta wa matumbawe na chokaa unaweza kufika nusu mita, na ndani ya nyumba hizo mimi sipotezi muda kujaribu kuipitisha 5 GHz ukutani. Napitisha kebo.

Kitu kimoja husahaulika: maji. Zege na plasta mbichi zinashika unyevu kwa miezi, na maji yanameza mawimbi. Nyumba iliyopigwa plasta juzi itakuwa na waifai mbaya kuliko itakavyokuwa mwaka ujao, na ukuta wa bafu unaovuja kutoka ndani hautapona hadi bomba lizibwe.

Mafundi wengi huzilaumu nondo. Si kosa, lakini kwa tatizo hili nondo si mshitakiwa wa kwanza. Wavu wa nondo wenye matundu ya sentimita 15 au 20 unaziachia sentimita tano na nusu za 5 GHz zipite kirahisi kuliko sentimita 12 za 2.4 GHz. Kinachozitenganisha bendi hizi mbili ni zege lenyewe. Wa kuogopwa ni wavu wa kuku, ule ambao baadhi ya mafundi huuweka chini ya plasta pale tofali zinapokutana na nguzo ili isipasuke. Matundu yake ni madogo kiasi kwamba bendi zote mbili zinagonga na kurudi. Ukikuta sehemu moja ya ukuta ambayo hata 2.4 GHz inaanguka ghafla, shuku hicho, au kabati lenye kioo kirefu cha kujitazama, friji, au tangi la maji lililo upande wa pili.

Anza na haya mepesi, kwa mpangilio huu:

1. Toa ruta nyuma ya televisheni na uipandishe juu ya usawa wa kichwa. Televisheni ni bamba kubwa la chuma, na watu wengi wanaikinga nayo ruta upande uleule vyumba vilipo.

2. Isogeze ikaribie mdomo wa korido. Mlango wa mbao unameza desibeli 3 au 4 tu, na ukiwa wazi haumezi kitu. Katika ile fleti yetu, ukiisogeza ruta mpaka mahali ambapo kitanda kiko mita 6 na katikati umebaki ukuta mmoja, 5 GHz chumbani inapanda kutoka -84 hadi karibu -62. Hakuna ruta ya bei kubwa itakayokupa ongezeko hilo ikiwa imebaki kwenye kona ileile.

3. Punguza upana wa chaneli. Kwenye mipangilio ya 5 GHz tafuta Channel Width, toa 80 MHz weka 40 au hata 20. Kila unapoupunguza kwa nusu, kelele anayosikia mpokeaji inapungua kwa desibeli 3. Sebuleni utapoteza kasi ya juu ambayo pengine kifurushi chako hakifiki. Chumbani unaweza kuvuka kutoka kukatikakatika hadi kutulia.

4. Kama baada ya hayo chumbani bado ni chini ya -75, tumia 2.4 GHz huko na usione haya. Kifurushi cha megabiti 20 kinapita chote kwenye 2.4 GHz yenye -59, mradi chaneli si ile iliyojaa majirani.

Kwenye hatua ya pili, angalizo. Ruta ya faiba ina waya mwembamba wa kioo. Usiukunje kona kali, usiuvute, na usiangalie ndani ya ncha yake, kwa maana mwanga wa leza unaopita humo hauonekani kwa macho lakini unaweza kuyadhuru. Ukihitaji waya mrefu zaidi, nunua wenye kichwa cha rangi ileile: kijani kwa kijani, buluu kwa buluu. Vichwa hivyo vimesagwa kwa pembe tofauti, na kuvichanganya kunaharibu laini. Taa ya LOS ikiwaka nyekundu baada ya kusogeza, simama hapo. Hiyo ni kazi ya kampuni.

Dalili ya pili: mistari imejaa, lakini intaneti haisogei

Huyu yuko chumbani, simu inaonyesha mistari miwili au mitatu, na ujumbe hauendi. Akizima waifai na kuiwasha tena, mambo yanakwenda kwa dakika chache.

Sababu ya kwanza ni simu kung'ang'ania bendi aliyoingia nayo. Alishika 5 GHz sebuleni, akatembea nayo hadi chumbani, na simu haikuona sababu ya kuhama. Simu za iPhone, kwa maelezo ya Apple wenyewe, huanza kutafuta kituo kingine mawimbi yakishuka chini ya -70. Simu nyingine zina mipaka yake, na nyingine husubiri hadi karibu kukatika. Kati ya -70 na mahali ambapo simu inakata tamaa ndipo mateso yalipo. Jaribio lake ni jepesi: chumbani, chagua kwa mkono lile jina la 2.4 GHz. Kama tatizo linaisha papo hapo, basi umelipata.

Tiba ina njia mbili. Ya kwanza ni kuyaacha majina mawili, na simu ya mtu anayelala chumba cha mbali isahau jina la 5 GHz kabisa. Ya pili ni kurudisha jina moja na kuiachia ruta isukume vifaa, na hapo ufanisi unategemea ruta. Zile zinazotolewa bure na kampuni za intaneti mara nyingi hufanya kazi hii vibaya, kwa hiyo mimi huchagua majina mawili.

Sababu ya pili ni ya upande mmoja. Ruta inarusha kwa nguvu kuliko simu, maana simu ina betri ya kuilinda na antena iliyobanwa ndani. Kwa hiyo simu inaisikia ruta vizuri na kuchora mistari, huku ruta haiisikii simu. Dalili yake ni kwamba kupakua kunakwenda kidogo lakini kupakia, kama kutuma picha au sauti yako kwenye simu ya video, kunakwama. Hapa ndipo ushauri wa kubadilisha nchi kwenye mipangilio ili kuongeza nguvu unapoonekana haufai. Unaipa ruta sauti kubwa zaidi, na simu inabaki na ileile. Isitoshe, mpangilio wa nchi unafuata sheria za masafa za mahali ulipo, na kuuchezea kunaweza kukupeleka kwenye chaneli zisizoruhusiwa au ambazo simu zako hazizijui kabisa.

Dalili ya tatu: jina la 5 GHz halionekani, au linapotea na kurudi

Hili watu hulilaumia ukuta pasipo haki. Anza kwa kusimama mita mbili kutoka kwenye ruta. Kama hata hapo jina halionekani kwenye kifaa kimoja huku simu nyingine inaliona, basi kifaa hicho hakina 5 GHz, jambo la kawaida kwa televisheni na kamera za bei nafuu, au hakiruhusiwi kuingia kwenye chaneli ambayo ruta imechagua. Kwenye Windows utathibitisha kwa:

```
netsh wlan show drivers
```

Mstari wa Radio types supported ukiwa na 802.11ac, kadi hiyo inaijua 5 GHz. Ukiwa na 802.11b, g na n pekee, bado huna uhakika. Tafuta namba ya kadi uangalie sifa zake.

Kama vifaa vyote vilikuwa vinaliona jina na ghafla wote wanalipoteza kwa dakika moja hivi kisha linarudi, tazama namba ya chaneli. Chaneli za 52 hadi 144 zinatumiwa pia na rada, zikiwamo za hali ya hewa. Sheria katika nchi nyingi inaitaka ruta inyamaze na kusikiliza kwa angalau sekunde 60 kabla ya kuanza kurusha hapo, na ikisikia rada ihame. Ruta huweza pia kudanganyika na kelele nyingine ikadhani ni rada. Weka chaneli mwenyewe, 36, 40, 44 au 48, na kero hiyo inakwisha. Hizo nne hazina sharti la rada karibu popote, na vifaa karibu vyote vya 5 GHz vinazijua.

Chaneli za 149 na kuendelea zinaruhusiwa nguvu zaidi katika baadhi ya nchi, na unaweza kuzijaribu kwa ajili ya chumba cha mbali. Faida yake ni desibeli chache. Ukuta mmoja unazimeza zote na kudai nyingine, kwa hiyo usijenge matumaini hapo.

Dalili ya nne: nimenunua ripita na hakuna kilichobadilika

Kosa karibu kila mara ni mahali ilipochomekwa. Mtu anaichomeka chumbani, kando ya kitanda, mahali ambapo waifai ni mbovu. Ripita haitengenezi intaneti. Inarudia ilichosikia, na huko imesikia -84. Mistari kwenye simu sasa imejaa, kwa sababu simu iko karibu na ripita, lakini safari ya ripita hadi kwenye ruta bado inapita kuta zilezile mbili.

Ichomeke kabla ya ukuta wa mwisho, mahali ambapo 5 GHz ya ruta inapimwa kati ya -60 na -65. Katika fleti yetu hiyo ni koridoni, ikitazama mlango wa chumba. Kama ina bendi mbili, iache iongee na ruta kwa 5 GHz na ihudumie chumba kwa 2.4 GHz. Ripita inayopokea na kurusha kwa chaneli moja inatumia muda wa hewani mara mbili kwa kila ujumbe, hivyo kasi inagawanyika karibu nusu hata mawimbi yakiwa mazuri.

Vifaa vya meshi, yaani vituo kadhaa vya waifai vinavyofanya kazi kama mtandao mmoja, vina busara zaidi ya ripita, lakini navyo vinaongea kupitia zegeni, na sheria ya mahali ni ileile. Vikiunganishwa kwa kebo ndipo vinapoonyesha thamani yake.

Na kebo ndiyo tiba ya kudumu. Kebo ya Cat5e au Cat6 inabeba gigabiti moja hadi mita 100 bila kujali ukuta. Upande wa chumbani weka ruta yoyote ya zamani yenye 5 GHz na uifanye kituo cha pili. Kabla ya kuiunganisha, ingia kwenye mipangilio yake: ipe anwani isiyogongana na ruta kuu (ruta kuu ikiwa 192.168.1.1, hii iwe 192.168.1.2, na hakikisha anwani hiyo haijashikwa na kifaa kingine), zima DHCP, yaani huduma inayogawa anwani kwa vifaa, weka jina na nenosiri sawa na la ruta kuu, na chaneli tofauti, kuu ikiwa 36, hii iwe 149 kama vifaa vyako vinaikubali. Kisha chomeka kebo kwenye tundu la LAN pande zote mbili, si la WAN. Ukikuta simu zinaungana lakini hazipati intaneti, DHCP ya ruta ya zamani bado iko hewani, au umetumia tundu la WAN.

Sasa ukuta uliokuwa adui unafanya kazi nyingine: unazuia vituo viwili visiingiliane, na kila chumba kinapata 5 GHz yake kwa kasi kamili.

Dalili ya tano: ghorofa ya chini safi, ya juu hakuna

Slabu ni zege la sentimita 15 hivi, lenye nondo, sakafu ya saruji juu yake na vigae. Ihesabu kama ukuta mnene, si mwembamba. Kuna sababu nyingine inayosahaulika: antena iliyosimama wima inarusha mawimbi kuizunguka kama kitumbua chenye tundu, nguvu ikiwa pembeni, na juu yake moja kwa moja hakuna kitu. Ruta ikiwa na antena za nje, ilaze moja. Isogeze karibu na ngazi, kwa sababu uwazi wa ngazi ndio mlango pekee ambao mawimbi yanao kati ya ghorofa. Ikishindikana, shusha au pandisha kebo.

Mahali pa kusimama na kumwita fundi

Kutoboa tundu la kebo kwenye ukuta wa tofali ni kazi ya drili na biti ndefu. Usitoboe nguzo, boriti wala slabu kwa kubahatisha. Humo mna nondo zinazobeba nyumba, na biti ikigota kwenye chuma usiendelee kulazimisha. Hama, au mwite aliyejenga. Katika nyumba ya kupanga omba ruhusa kwanza, na katika majengo ya kale ya Mji Mkongwe uliza mamlaka husika kabla ya kugusa ukuta wowote, kwa kuwa ni eneo la urithi wa dunia tangu mwaka 2000.

Usipitishe kebo ya mtandao ndani ya paipu ileile yenye nyaya za umeme wa volti 230. Inavutia, kwa sababu paipu iko tayari na inafika kila chumba, lakini waya mmoja ukichubuka humo, ruta, kompyuta na mkono wako vyote vitakuwa kwenye umeme. Kama paipu za umeme ndizo njia pekee, mwite fundi umeme mwenye leseni akutafutie paipu tupu au akuchongee nyingine.

Ukiwa na nyumba mbili kwenye kiwanja kimoja na unataka kurusha waifai kutoka moja hadi nyingine kwa antena ya nje, hiyo nayo ni kazi ya fundi, kwa sababu ya radi na kuunganisha mlingoti na ardhi.

Na kampuni ya intaneti iite pale tu ambapo kipimo kwa kebo, kompyuta ikiwa imechomekwa moja kwa moja kwenye ruta, kinatoka chini ya kifurushi, au 5 GHz ni dhaifu mita mbili kutoka kwenye ruta yao. Wapelekee namba zako: bendi, chaneli, na dBm ya sehemu zile tatu. Fundi akiziona hataanza kwa kukuambia uzime ruta na kuiwasha tena.